Stetimenti ya pensheni inasema 2,150,000. Nimepiga hesabu, nitapungukiwa kiasi gani nikifika 60? Naomba mnisahihishe

BintiTudor (Mombasa)

Habari zenu wapendwa. Mimi ni msimamizi wa ghala, nina miaka 42, na kampuni yetu hustaafisha watu wakiwa na miaka 60. Juzi nimepata stetimenti yangu ya pensheni ya hadi Disemba 31, 2024, na kwa mara ya kwanza nimekaa nayo mezani badala ya kuitia kwenye droo. Inasema hivi: salio la mwanzo wa mwaka 1,780,000, michango ya mwaka 198,000, riba 172,000, salio la mwisho 2,150,000. Zote ni shilingi za Kenya.

Mshahara wangu wa kimsingi ni 120,000. Nakatwa asilimia 6, mwajiri anaongeza 9, jumla 15, yaani 18,000 kwa mwezi au 216,000 kwa mwaka.

Nikachukua asilimia 10 kama faida ya kila mwaka kwa miaka 18, na kompyuta ikaniambia nitakuwa na milioni 21.8. Kisha nikajiuliza nitahitaji nini. Naona 80,000 kwa mwezi zitanitosha, kwa sababu nyumba ninayo na watoto watakuwa wamemaliza shule. Miaka 25, kuanzia 60 hadi 85, ni milioni 24. Basi upungufu wangu ni milioni 2.2, na hizo naweza kuzitafuta polepole kwenye chama. Je, nimekosea wapi?

Mjukuu_wa_Fundi

Dada, uko vizuri kuliko wengi. Kuna kanuni rahisi: zidisha matumizi ya mwaka mmoja mara 25. 960,000 mara 25 ni milioni 24, sawasawa na uliyopata. Mimi ningesema tu uongeze michango kidogo utafika.

Kitabu_cha_Akiba (Nairobi)

BintiTudor, asante kwa kuweka tarakimu zote wazi. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya kusimamia mipango ya pensheni, na karibu kila mtu anayejaribu hesabu hii mwenyewe huanguka mahali ulipoanguka wewe. Nitakueleza kwa utaratibu, na nina swali moja kuhusu ile 198,000, lakini hilo nitaliweka mwisho.

Milioni 21.8 ni shilingi za mwaka 2042. Milioni 24 umezihesabu kwa bei za leo, kwa sababu hizo 80,000 ni unga, umeme na dawa kwa bei ya leo. Umetoa aina moja ya shilingi kutoka kwa nyingine. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, kununua kile ambacho leo unanunua kwa 80,000 kutahitaji takriban 228,000 kwa mwezi siku unapostaafu. Sasa linganisha hizo 228,000 na milioni 21.8 uone zinavyoyeyuka.

Njia rahisi ni kufanya kila kitu kwa shilingi za leo. Usitumie faida ghafi, tumia faida iliyobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Na faida yenyewe usiikisie, stetimenti inakuambia. Riba ya 172,000 ilizalishwa na salio la mwanzo pamoja na michango iliyoingia kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo gawanya kwa salio la mwanzo na nusu ya michango:

```
=172000/(1780000+198000/2)
=1.0915/1.06-1
```

Mstari wa kwanza unakupa asilimia 9.15. Hicho ndicho kiwango mfuko wako ulichopata mwaka jana, si 10. Wa pili unaondoa mfumuko wa asilimia 6, unabaki na takriban asilimia 3. Usitoe 6 kwenye 9.15 moja kwa moja, gawanya kama nilivyoandika, ingawa tofauti hapa ni ndogo. Na riba iliyotangazwa kwa kawaida imeshaondolewa gharama za usimamizi, kwa hiyo usizitoe tena.

Sasa weka 3 kwa miaka 18 kwenye Excel:

```
=FV(0.03,18,-216000,-2150000)
=PV(0.03,25,-960000)
```

Ya kwanza inatoa takriban milioni 8.72 kwa shilingi za leo. Hapa nimechukulia mshahara wako utapanda sambamba na bei, na michango ipande nao. Ya pili ndiyo unayohitaji kuwa nayo siku ya kustaafu ili ujilipe 80,000 za leo kwa miaka 25 huku pesa iliyobaki ikiendelea kuzaa: milioni 16.72. Kwa hiyo ile milioni 24 yako ilikuwa kubwa mno. Ulihesabu kana kwamba pesa italala kabatini miaka 25.

Upungufu ni milioni 8, dada. Makosa yako mawili yalivutana, moja likikupa matumaini na lingine likikutisha, ndiyo maana jibu lilionekana la kawaida.

BintiTudor

Milioni 8! Nimesoma mara tatu. Ngoja niulize: kama nikiishi na hicho nilicho nacho tu, nitapata ngapi kwa mwezi?

Kitabu_cha_Akiba

Milioni 8.72 kwa miaka 25 kwa faida hiyo hiyo ni kama 41,700 kwa mwezi, kwa bei za leo. Nusu ya unachotaka na kidogo juu yake.

Mjukuu_wa_Fundi

Kwa hiyo kanuni ya mara 25 ni ya uongo?

Kitabu_cha_Akiba

Si ya uongo, kaka. Ilitokana na masoko ya Marekani na mtu anayetaka pesa zake zidumu miaka 30 hata mambo yakienda mrama. Imeacha nafasi kubwa ya usalama. Kwa faida ya asilimia 3 na miaka 25, ni mara 17.4. Mtu anayeogopa kuishi hadi 95 ana haki ya kutumia 25, lakini ajue anachokinunua ni usalama, na alinganishe na salio la shilingi za leo, si za 2042.

Kaka_wa_Kizota (Dodoma)

Samahanini, mbona mnahangaika na salio na riba? Pensheni haihesabiwi hivyo. Unachukua idadi ya miezi uliyochangia, unazidisha na wastani wa mshahara, unagawa kwa 580. Salio ni la nini? Mimi nina miezi 212, nimeshavuka ile 180 inayotakiwa, mfuko utanilipa hadi nife. Dada asitishwe.

Kitabu_cha_Akiba

Kaka, kwenu Tanzania uko sahihi. Mifuko yenu inaahidi malipo kwa fomula, na soko likianguka ni mzigo wa mfuko. Mpango wa dada ni wa michango: hakuna aliyemwahidi kiasi chochote kwa mwezi. Atakachopata ni kilichoingia na kilichozaliwa, na soko likianguka ni mzigo wake yeye. Ndiyo maana yeye anahitaji hesabu hii, na wewe unahitaji nyingine: wastani wa mshahara wako utakuwa na nguvu gani miaka kumi baada ya kustaafu.

Kaka_wa_Kizota

Nimeelewa. Sikujua kwamba huko mtu anabeba mwenyewe. Basi poleni, hiyo ni kazi nzito.

Bondi_Kwanza

Tatizo ni hiyo asilimia 3. Serikali ya Kenya ilitoa bondi ya miundombinu Februari 2024 kwa asilimia 18.4 bila kodi. Weka 18 kwenye hesabu, toa 6, unapata 12. Upungufu wote unaisha. Dada atoke kwenye huo mfuko wa polepole.

Kitabu_cha_Akiba

Ndugu, bondi hiyo ilikuwepo, na aliyeinunua alifanya vizuri. Lakini ni ya miaka 8 na nusu. Dada ana miaka 18 ya kuweka akiba na 25 ya kuitumia. Bondi hiyo itaisha 2032, na hakuna anayejua atakayoinunua baada yake italipa ngapi. Viwango tayari vimeshuka tangu wakati ule. Halafu pesa zake zilizo kwenye pensheni hawezi kuzitoa tu akiwa kazini akaenda kununua bondi.

Lakini umegusa jambo la kweli: hesabu hii inategemea mno namba moja. Nimeirudia kwa faida mbili nyingine, vingine vyote vikibaki vile vile. Faida halisi ikiwa asilimia 5, upungufu wa dada ni milioni 2.3. Ikiwa asilimia 1, ni milioni 14.3. Kati ya hapo ndipo penye milioni 8. Mtu akikuletea karatasi yenye jibu moja tu, muulize ametumia faida gani na mfumuko gani kabla hujaangalia kitu kingine.

Bondi_Kwanza

Bado naona asilimia 3 ni woga. Mfuko wetu umetoa zaidi ya hapo miaka mitatu iliyopita.

Kitabu_cha_Akiba

Inawezekana. Miaka mitatu ni michache. Chukua stetimenti zako za miaka kumi, fanya ile hesabu ya kugawanya kwa kila mwaka, uweke na mfumuko wa mwaka huo kando yake. Ukipata wastani wa 5, tumia 5. Mimi sina ugomvi na namba inayotoka kwenye karatasi ya mtu mwenyewe.

Mama_Makadara

Mwanangu BintiTudor, mimi nina miaka 53 na nilitaka kuuliza lile Kitabu_cha_Akiba alisema ataliuliza, maana jicho langu liliangukia hapo hapo. Umesema mchango ni 18,000 kwa mwezi. Mara 12 ni 216,000. Stetimenti yako inasema 198,000. Hiyo ni miezi 11.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Mwajiri wangu wa zamani alikata pesa kwenye mshahara wetu miezi 14 na hakupeleka. Stetimenti ilikuja kila mwaka, nikaangalia salio la mwisho tu, likawa limepanda kwa sababu ya riba, nikaridhika. Nilikuja kugundua nilipoketi na peisilipu zangu zote, nikiziweka tiki moja moja. Tukawaandikia wadhamini, halafu tukaenda RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya pensheni Kenya. Sehemu imelipwa, sehemu hadi leo sijaiona.

BintiTudor

Mama Makadara, mikono inanitetemeka. Labda ni mchango wa Disemba, unapelekwa Januari kwa hiyo haujaingia?

Kitabu_cha_Akiba

Hilo ndilo swali langu, na Mama amelisema vizuri kuliko ningesema mimi. Kuhusu Disemba: ni kweli hupelekwa mwezi unaofuata. Lakini basi Januari 2024 ingekuwa imepokea mchango wa Disemba 2023, na bado ungekuwa na miezi 12. Kuchelewa hakupunguzi idadi isipokuwa kumetokea kwa mara ya kwanza mwaka huo. Inaweza pia kuwa mshahara wako ulipanda katikati ya mwaka, na mwanzoni mchango ulikuwa mdogo. Ulipanda?

BintiTudor

Haukupanda. 120,000 tangu 2023.

Kitabu_cha_Akiba

Basi omba kwa msimamizi wa mpango orodha ya michango mwezi kwa mwezi, yako na ya mwajiri kwa safu tofauti. Una haki nayo. 18,000 kuachwa leo, kwa faida yetu ya 3, ni kama 30,600 za leo ukifika 60. Si nyingi. Kinachotisha ni kama inatokea kila mwaka.

Na hilo la mshahara kukaa pale pale tangu 2023 linaathiri hesabu yangu. Nilichukulia michango inapanda na bei. Ukikaa bila nyongeza, kila mwaka 216,000 zako zinanunua kidogo zaidi. Ndiyo maana hata ile milioni 21.8 yako ya mwanzo, ambayo uliihesabu bila nyongeza yoyote, ukiirudisha kwa shilingi za leo ni milioni 7.6 tu, ingawa ulitumia faida kubwa kuliko yangu.

Dereva_wa_Usiku

Je, NSSF? Hakuna aliyeitaja. Sote tunakatwa.

Kitabu_cha_Akiba

Umefanya vyema kuitaja, ndugu. BintiTudor, angalia peisilipu yako. Katika mwaka huu wa NSSF ulioanza Februari 2025, mshahara unaohesabiwa mwisho wake ni 72,000, asilimia 6 yako ni 4,320, na mwajiri anaweka kiasi hicho hicho. Angalia kama zote zinakwenda NSSF, au sehemu ya juu inapelekwa kwenye mpango wa kampuni. Ikiwa inapelekwa kwenye mpango wa kampuni, usije ukaihesabu mara mbili.

BintiTudor

Peisilipu inasema NSSF 4,320, na pensheni 7,200 mbali. Afisa wa mishahara amenithibitishia zote za NSSF zinakwenda NSSF. Salio langu kule ni kama 310,000.

Kitabu_cha_Akiba

Vizuri. 310,000 na 103,680 kwa mwaka, kwa asilimia 3 ile ile, ni milioni 2.95 hivi. Upungufu unashuka kutoka 8 hadi takriban milioni 5. Kuuziba kwa miaka 18 unahitaji kuweka 18,000 zaidi kila mwezi, ukizipandisha kila mwaka kulingana na bei.

Najua 18,000 ni nyingi. Lakini ukiziweka kama michango ya hiari kwenye mpango huo huo, hazitozwi kodi. Tangu mwisho wa Disemba 2024 kikomo kimepanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Wewe unakatwa 7,200 na 4,320, ukiongeza 18,000 unafika 29,520. Umeingia chini ya kikomo kwa shilingi chache. Na kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako inatozwa asilimia 30, mshahara wa mkononi utapungua kwa 12,600, si 18,000.

Dereva_wa_Usiku

12,600 na karo ya watoto wawili? Mtu atakula nini?

Kitabu_cha_Akiba

Hana lazima ya kuanza na zote. Akianza na 6,000 leo, upungufu unapungua kwa milioni 1.7. Akifanya kazi hadi 62, kama mwajiri anakubali, upungufu unapungua pande mbili kwa pamoja: miaka miwili zaidi ya kuweka na miwili pungufu ya kula. Au apunguze 80,000. Hayo ni maamuzi ya nyumbani kwake, mimi siwezi kumchagulia.

Mama_Makadara

Kuna kitu kingine mwanangu. Siku ile ya kustaafu kila mtu ana mpango wa kutoa theluthi afanye jambo kubwa. Kujenga vyumba vya kupangisha, kununua gari la biashara. Usisahau kuiondoa kwenye hesabu.

BintiTudor

Mama, kweli nilikuwa nimepanga hivyo. Kumalizia ghorofa ya pili.

Kitabu_cha_Akiba

Basi ile 41,700 ya mpango wa kampuni inakuwa 27,800, kwa sababu ni theluthi mbili tu inayobaki ya kukulipa kila mwezi. Kodi ya ghorofa ya pili ikizidi 13,900 kwa mwezi baada ya matengenezo na miezi ya kukosa wapangaji, umefaidika. Isipozidi, umepoteza. Hesabu hiyo ifanye na fundi wa Tudor, si na mimi.

Na theluthi mbili inayobaki, ukiinunulia malipo ya kila mwezi kwa kampuni ya bima, uliza kama yanapanda kila mwaka au yanakaa pale pale. Yasiyopanda huanza makubwa na yanavutia. Kwa mfumuko wa asilimia 6, miaka 12 baadaye yana nusu ya nguvu, na wewe utakuwa na miaka 72 tu.

Mjukuu_wa_Fundi

Nimefanya hesabu yangu kwa njia hii. Niko kimya tangu saa tatu usiku. Nitafungua uzi wangu.

BintiTudor (siku tisa baadaye)

Wapendwa, nimerudi na jibu. Msimamizi amenitumia orodha ya mwezi kwa mwezi. Mchango wa Agosti haupo. Pesa za kampuni nzima zilifika, lakini kwenye faili ya majina namba yangu ya uanachama iliandikwa vibaya, zikabaki kwenye akaunti ya zisizotambulika. Watazirudisha robo hii.

Wanasema riba ya miezi hiyo hawatanipa, kwa sababu kosa lilikuwa la mwajiri. Mwajiri anasema ni la msimamizi. Nimewaandikia wadhamini nikawapa nakala ya peisilipu ya Agosti. Wenzangu wawili wa ghalani wameangalia zao, na mmoja amekuta Agosti haipo pia.

Michango ya hiari nimejaza fomu ya 8,000, inaanza mwezi ujao. Mama Makadara, nimenunua faili, na peisilipu zote tangu 2016 zimo ndani kwa mpangilio.

Kitabu_cha_Akiba

Hongera kwa fomu. Kuhusu riba: pesa zilikuwa ndani ya mfuko tangu Agosti, hata kama hazikuwa na jina, kwa hiyo zilizaa, na kilichozaliwa kiko mahali fulani. Waulize wadhamini kwa maandishi, sentensi moja tu: riba ya akaunti ya zisizotambulika iligawiwa nani? Wakijibu, tuwekee hapa.

Mama_Makadara

Na huyo mwenzako wa ghalani aandike barua yake mwenyewe, asijiunge na yako. Kila jina lihesabiwe peke yake.